Raki na mstari wa kuotea katika raga: kwa nini kipenga kinapulizwa dhidi yako kila mara

Katika mechi za kirafiki za raga ninazochezesha mwishoni mwa wiki hapa Nairobi, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote huulizwa na mchezaji mgeni akiwa ameshika kiuno, anahema, na uso wake unaonyesha wazi kwamba haelewi: "Refa, sasa mimi nimefanya nini?" Mara nyingi hajampiga mtu wala hajafanya ujanja wowote. Alikuwa amesimama tu karibu na rundo la watu, akautazama mpira, akasubiri, kisha akaufuata ulipotoka. Kwa macho yake alicheza kwa bidii na kwa haki. Kwa sheria za raga, alikuwa amekosea kabla hata hajaanza kukimbia, na wapinzani wakapewa penalti ambayo inaweza kuwapa pointi 3 kwa teke moja, au kuwasogeza mbele mita 30 kwa mpira uliopigwa nje ambao wao wenyewe ndio watakaourusha kuuingiza tena.

Wengi wa wachezaji hawa wanatoka kwenye soka, na neno "kuotea" wamelizoea tangu utotoni. Wengine wameipenda raga kwa kuitazama timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba kila upande, ambapo watu 14 tu wanagawana uwanja uleule wanaogawana watu 30 katika raga ya wachezaji 15, hivyo mirundo ni michache na mistari ya ulinzi haikai mahali pamoja kwa muda mrefu. Sheria yenyewe haitofautiani. Tofauti ni kwamba mchezo wa wachezaji saba haukupi nafasi ya kutosha ya kuiona sheria hiyo ikifanya kazi. Unapoingia kwenye mchezo wa wachezaji 15, mpira unaangushwa chini, watu wanarundikana, unanyanyuliwa, unaangushwa tena baada ya mita chache, na kila mara inapotokea hivyo mstari wa kuotea unazaliwa upya mahali papya.

Tuanze na maana za maneno. Mchezaji mwenye mpira anahesabiwa amekabwa pale mpinzani anapomshika na kumfikisha chini, na "chini" si lazima awe amelala chali, kwani hata goti moja likigusa nyasi linatosha. Raki ni hatua inayofuata. Mpira uko chini, na juu yake wamekutana angalau wachezaji wawili, mmoja kutoka kila timu, wote wakiwa wamesimama kwa miguu yao na miili yao imegusana. Mambo hayo yanahitajika yote kwa pamoja. Watu watano waliolala juu ya mpira si raki, hata kama wanaonekana kama gunia la viazi lililopasuka. Watu wawili waliosimama na kushikana huku mpira ukiwa mikononi mwa mmoja wao si raki pia, kwa sababu mpira haujafika chini. Kwa hiyo anayeita kila rundo raki atakosea pande zote mbili: mara atajizuia pasipo na kizuizi, na mara ataingia pasipo na ruhusa.

Mstari wa kuotea nao haufanani na ule wa soka. Katika soka mshambuliaji hupimwa kwa mlinzi wa pili kutoka mwisho, na hupimwa katika nukta ile mpira unapopigwa na mwenzake. Anayelaumiwa ni mshambuliaji peke yake. Kwenye raki kuna mistari miwili, mmoja wa kila timu, na timu zote mbili zinakatazwa kuivuka, ingawa anayenaswa mara nyingi ni mlinzi. Mstari wa timu yako unapita sambamba na mstari wa goli, kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, kwenye sehemu ya mwili iliyo nyuma kabisa upande wako wa raki. Kwa kawaida sehemu hiyo ni kisigino cha mwenzako wa mwisho. Kama huna kazi ndani ya raki, unatakiwa uwe nyuma ya mstari huo, uwe umesimama mita 1 kutoka kwenye raki au mita 40 huko pembeni.

Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza ninalokutana nalo. Mchezaji anaamini kwamba mpira ndio mstari. Anasimama usawa wa mpira, anajiona mwadilifu kabisa, na anashangaa akiadhibiwa. Hebu tazama raki kwa upande. Mpira uko katikati au umesukumwa kidogo kuelekea upande wa walioupata, mwenzako ameinama juu yake, mgongo wake umenyooka, na miguu yake iko nyuma yake kwa kipande cha mita moja hivi, pengine zaidi kama ni mrefu au kama kuna wawili waliopangana. Ukisimama usawa wa mpira, tayari umevuka mstari wako kwa hatua moja na nusu. Kati ya mstari wako na ule wa wapinzani kuna ukanda wenye upana wa raki yenyewe, ambao hakuna mtu yeyote asiyeshiriki raki anayeruhusiwa kusimama ndani yake. Ndiyo maana huwashauri walinzi waache kuutazama mpira wanapojipanga na watazame visigino vya mwenzao. Mpira watautazama baadaye, wakishapata mahali pa kusimama.

Kosa la pili ni la wakati: mchezaji anadhani mstari unaanza raki inapoanza. Zamani ilikuwa hivyo, na kisa kilichobadilisha jambo hili kinastahili kuelezwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote kazi ya mstari huu ni nini.

Tarehe 26 Februari 2017, Italia walikwenda Twickenham, London, kucheza na England katika michuano ya Mataifa Sita. England walikuwa na nguvu kubwa zaidi, na kocha wa Italia, Conor O'Shea, alikuja na mpango ambao wachezaji wa England hawakuwa wamejiandaa kwao. Italia walimkaba mwenye mpira na kumwangusha, kama kawaida, kisha hawakupeleka mtu wa kusukumana juu ya mpira. Kwa kuwa raki ilihitaji mtu mmoja kutoka kila timu, na timu moja ilikataa kuja, raki haikuzaliwa. Bila raki, kwa sheria ya wakati ule, mstari wa kuotea haukuwepo. Wachezaji wa Italia wakatembea kwa utulivu hadi upande wa England na kusimama kati ya namba 9, ambaye kazi yake ni kuutoa mpira, na namba 10 aliyekuwa akiusubiri. Kila pasi ya kawaida ilikuwa na Mwitaliano katikati yake.

Nahodha wa England, Dylan Hartley, na mwenzake James Haskell walimwendea mwamuzi Romain Poite uwanjani na kumuuliza wafanye nini ili raki ihesabiwe. Jibu la Poite likawa kwamba yeye ni mwamuzi, si kocha. Hadi mapumziko Italia walikuwa wakiongoza 10 kwa 5. Kipindi cha pili England wakaacha kutegemea pasi za namba 9, wakawa wanaunyanyua mpira na kukimbia moja kwa moja katikati, mahali ambapo Italia walikuwa wamepaacha wazi, na mwishowe wakashinda 36 kwa 15. Kwa maoni yangu Italia hawakufanya hila yoyote. Waliisoma sheria vizuri kuliko wenzao, na walioambiwa siku hiyo kwamba "wameotea" hawakuwa wameotea hata kidogo.

Shirikisho la raga duniani halikuchelewa. Kuanzia Agosti 2017 lilileta sheria ya majaribio, ambayo baadaye iliingizwa katika kitabu cha sheria na ndiyo tunayoifuata leo. Sasa mistari ya kuotea inazaliwa mara tu mpira unapokuwa chini baada ya ukabaji na mchezaji mmoja, kutoka timu yoyote ile, amesimama juu yake. Si lazima mpinzani aje kusukumana naye. Raki yenyewe bado inahitaji watu wawili, lakini mistari haiisubiri tena. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "hatujapeleka mtu, hivyo hakuna kuotea", ujue anazungumzia mchezo wa kabla ya Agosti 2017. Leo ukikaa upande wa wapinzani baada ya ukabaji, mwenzao mmoja akishapanda tu juu ya mpira umeotea, na utapewa muda mfupi sana wa kuondoka.

Kuna nafasi ndogo iliyobaki kati ya hatua hizi mbili, na inafaa kuijua kwa sababu ndani yake ndimo unamoruhusiwa kutumia mikono. Ukiwa wa kwanza kufika, umesimama kwa miguu yako na umetokea upande wako, unaweza kuinama na kuushika mpira. Ukiwa umeshaushika ndipo mpinzani akaja kukusukuma na raki ikaundika, una haki ya kuendelea kuuvuta alimradi hujaanguka wala hujaegemea waliolala. Lakini kama raki imeshaundika na wewe hukuwa na mikono kwenye mpira, mikono yako haina kazi tena pale chini. Kilichobaki ni kusukuma, au kuukokota mpira nyuma kwa mguu. Kuupiga teke kuuondoa kwenye raki hakuruhusiwi. Katika mechi za kirafiki penalti hii humpata mara nyingi mchezaji mwenye bidii nyingi, anayefika nusu sekunde baadaye na kudhani kwamba mpira unaoonekana ni mpira unaochukulika.

Mlango mmoja wa kuingilia

Baada ya kujua mstari uko wapi, suala la kujiunga na raki linakuwa jepesi. Raki ni kama chumba chenye mlango mmoja tu kwa kila timu, na mlango wenu uko nyuma, kwenye visigino vya mwenzenu wa mwisho. Unatoka nyuma ya mstari wako, unafika umesimama, unajiunga ubavuni mwa mwenzako wa mwisho au nyuma yake, wala si mbele yake. Ukiruka dirishani, yaani ukitokea pembeni na kumsukuma mpinzani kwenye mbavu, unaadhibiwa hata kama ulikuwa na nia njema ya kumwokoa mwenzako. Sababu ya kwanza ni usalama, kwani mtu aliyeinama na kusukumana na aliye mbele yake hana namna ya kujikinga na uzito unaomjia ubavuni.

Wageni wengi huniambia kwamba walikuwa pembeni tu na raki ndiyo iliyowafuata. Ninawaelewa. Mtu amesimama mita 3 kushoto kwa mwenzake anayekabwa, raki inaundika, na njia fupi ya kwenda kusaidia ni kuchapuka moja kwa moja kuelekea mpira. Njia halali ni ndefu kidogo. Inamtaka arudi nyuma hatua mbili au tatu, azunguke, kisha asukume mbele. Hatua hizo tatu zinamgharimu muda mfupi sana, na zinaiokoa timu penalti. Wachezaji wazoefu hawaonekani wakizunguka kwa sababu wameshajiweka nyuma ya mwenye mpira kabla hajakabwa, hivyo mlango uko mbele yao tayari.

Kuingia kunaenda pamoja na kushika. Sheria inataka umshike mwenzako au mpinzani kwa mkono mzima, kuanzia kiganja hadi bega, na mshiko huo uje kabla bega lako halijagonga au papo hapo linapogonga. Kuweka kiganja mgongoni mwa mwenzako huku umesimama wima ukiangalia mbele hakukufanyi mshiriki wa raki. Refa akiona hivyo atakuhesabu kama mtu aliyesimama tu, na kama umesimama mbele ya visigino, umeotea.

Mkabaji ana hali ya pekee ambayo huleta uchungu mwingi. Yeye kwa kazi yake huanguka na mpinzani, na mara nyingi huangukia upande usio wake. Kuangukia huko si kosa. Kosa linaanza anapobaki. Anatakiwa amwachie aliyekabwa mara moja na kujiviringisha kuondoka, na kama anataka kuucheza mpira lazima kwanza asimame na kurudi upande wake. Nimewaona wakabaji wakilala kimya katikati ya njia ya mpira wakiwa wameinua mikono yote miwili juu kama watu wanaojisalimisha, wakiamini kwamba mikono hiyo inawaondolea lawama. Haiwaondolei. Mwili wako ukizuia mpira usitoke, refa anahukumu mwili, na mikono iliyoinuliwa inamwambia tu kwamba ulijua ulikuwa njiani. Kama kweli umebanwa chini ya watu watatu na huwezi kusogea, refa anayeangalia vizuri ataliona hilo, na ataona pia kama ulijaribu.

Mstari unapokwisha, na unapoendelea kukufuata

Sasa tufuate tukio moja kuanzia mwanzo hadi kipenga, kama lilivyotokea katika mechi niliyoichezesha, ingawa kwa kweli limetokea katika karibu kila mechi. Timu ya jezi za bluu inashambulia. Mchezaji wao wa kati anakimbia na kukabwa na namba 6 wa jezi nyekundu, wote wawili wanaanguka, na aliyekabwa anageuza mwili na kuuweka mpira kuelekea upande wa wenzake. Kwa nusu sekunde hakuna aliyesimama juu ya mpira, hivyo mstari haupo. Kisha mwenzake wa bluu anafika na kusimama juu ya mpira. Mistari miwili imezaliwa. Mara anafika mchezaji wa nyekundu kutoka nyuma, wanagusana mabega, na raki imeundika. Miguu ya aliyekabwa imejinyoosha kuelekea upande wa nyekundu, na mwenzao mwekundu amesimama akiwa na mguu mmoja nyuma sana, hivyo mstari wa nyekundu uko kama mita moja na nusu kutoka kwenye mpira.

Namba 7 wa nyekundu amesimama kushoto kwa raki, usawa wa mpira, amechuchumaa tayari kuruka. Namba 9 wa bluu anakuja nyuma ya raki na kuweka mikono yake juu ya mpira. Namba 7 anaona mikono na kuchomoka. Hili ni kosa la tatu katika orodha yangu ya moyoni, maana mikono ya namba 9 juu ya mpira haimaanishi kwamba mpira umetoka. Raki inakwisha mpira unapotoka kabisa, na unapokuwa bado chini katikati ya miguu ya watu, namba 9 anaweza kuushika, kuupapasa na kuuweka sawa huku mstari ukiwa palepale. Mpaka aunyanyue, mlinzi anatakiwa asubiri.

Tuseme namba 7 alijizuia kidogo, akachomoka namba 9 aliponyanyua. Mpira unakwenda kwa namba 10, na namba 7 anamfikia palepale unapomfikia mpira na kumwangusha vizuri sana. Wenzake wanashangilia, na mimi napuliza. Namba 7 anakuja kwangu na kusema, "Lakini refa, alikuwa ameshapasi, raki imekwisha." Kuhusu raki alikuwa sahihi. Kuhusu kuotea hakuwa sahihi, na hapa ndipo penye fundo gumu kuliko yote katika mada hii, kwa sababu kila kilichomo kichwani mwa mtu aliyelelewa na soka kinamwambia kwamba pasi inafuta yaliyopita.

Katika raga, aliyekuwa ameotea wakati wa raki anabaki ameotea hata raki ikishakwisha. Pasi ya mpinzani haimsafishi. Njia za kusafishwa ni tatu tu. Ya kwanza, na ndiyo iliyo mikononi mwake mwenyewe, ni kurudi nyuma ya mstari wake mara moja. Ya pili ni mpinzani akimbie na mpira mita 5, upande wowote. Ya tatu ni mpinzani aupige mpira teke. Namba 7 wetu hakurudi, na namba 10 alikuwa hajapiga hata hatua moja, achilia mbali mita 5, wala hakupiga teke. Kwa hiyo alimkaba mtu akiwa bado na deni. Na hata hizo njia mbili za mwisho hazimpi ruhusa ya kuzubaa makusudi upande usio wake akisubiri mpinzani apige teke, maana mtu asiyeonyesha juhudi ya kurudi, kisha akafaidika na mahali alipokuwa, anaadhibiwa vilevile.

Angefanya nini? Angerudi hatua mbili kabla namba 9 hajaunyanyua mpira, na angesubiri. Angeanzia nyuma zaidi kwa mita moja na nusu, kweli, lakini angeanza akikimbia mbele kwa kasi kamili, badala ya kuchomoka kutoka kwenye kuchuchumaa. Nimeona walinzi wanaoanzia nyuma kidogo wakifika kwa namba 10 kwa wakati uleule na wale wanaoiba nusu hatua, na wanafika wakiwa wameshapanga mabega.

Mlinzi anayesubiri hivyo hasubiri milele. Timu ikishaupata mpira waziwazi kwenye raki na mpira upo tayari kuchezwa, refa atatoa agizo la kuutumia, na kuanzia hapo wana sekunde 5 za kuutoa. Wasipoutoa, wanapoteza mpira kwa skramu inayopewa wapinzani. Kwa hiyo ukilisikia agizo hilo, hesabu polepole hadi tano ukiwa nyuma ya visigino. Penalti nyingi za kuotea ninazozipuliza hutokea katika sekunde hizo hizo, pale mlinzi anapodhani agizo lile ni ruhusa yake ya kuanza.

Karibu na mstari wa goli kuna jambo moja la kuzingatia. Raki ikiwa karibu sana hadi visigino vya mwenzenu wa mwisho vimefika kwenye mstari wa goli au vimeupita, mstari wenu wa kuotea unakuwa mstari wa goli wenyewe. Hamtakiwi kurudi zaidi ya hapo. Walinzi wageni hurudi hadi ndani kabisa ya eneo la goli kwa hofu ya kuadhibiwa, wakawapa washambuliaji mita mbili za bure.

Kama bado hujui umeadhibiwa kwa nini, tazama mikono ya refa kabla ya kuuliza. Mkono mmoja utaelekezwa kwa timu iliyopewa penalti, na mwingine utaeleza sababu. Mkono ulioning'inia wima na kuyumba huku na huku, kama unachora mstari kwenye nyasi, ni kuotea kwenye raki. Mkono uliolala na kwenda upande ni kuingia kutoka ubavuni. Kiganja kinachofagia karibu na ardhi ni mikono kwenye raki. Kidole kinachozungushwa na kuelekezwa mbali na mwili ni mkabaji ambaye hakujiviringisha. Na kama kipenga kimelia sekunde nyingi baada ya tukio, refa hajachelewa. Aliona kosa, akanyoosha mkono kuwapa wapinzani wenu nafasi ya kufaidika, hawakufaidika, akarudi kwenye kosa la mwanzo.

Kwenye mazoezi ninapendekeza kifaa kimoja tu, ambacho ni kamba ya mita 10 hivi. Mlaze mchezaji mmoja chini na mpira, msimamishe mmoja wa kila timu juu yake, kisha ilaze kamba kutoka kwenye kisigino cha nyuma cha mlinzi kuelekea pembeni, sambamba na mstari wa goli. Waambie walinzi waliobaki wajipange nyuma ya kamba. Karibu kila mara watashangaa ilivyo mbali na mpira. Halafu mwite mlinzi wa pili ajiunge na raki kwa kumshika wa kwanza kutoka nyuma. Kisigino cha nyuma kabisa sasa ni chake, na kamba lazima isogezwe nyuma hadi hapo, karibu mita nzima. Walinzi waliokuwa wamejipanga vizuri sekunde moja iliyopita sasa wamesimama mbele ya kamba bila kusogea hata unyayo. Aliyesimama karibu zaidi na raki ndiye anayepaswa kuliona hilo kwanza, kurudi hatua yake, na kuwapazia sauti wenzake wa pembeni: "Nyuma! Nyuma!"